Ratiba ya matunzo ya umeme wa jua shuleni kisiwani Mafia

Ratiba ya matunzo ya umeme wa jua shuleni ni orodha ya kazi ambazo mtunzaji wa shule huzifanya kila siku, kila wiki, kila mwezi na kila muhula ili paneli, betri na vifaa vingine vidumu. Makala hii inaeleza ratiba inayofaa shule ya sekondari yenye bweni katika kisiwa cha Mafia, mkoa wa Pwani, Tanzania, inayotumia betri za risasi na tindikali za aina ya kuongezwa maji. Betri za lithiamu na betri zilizozibwa kabisa hazina vifuniko vya kufungua, kwa hiyo kazi za maji ya betri zilizotajwa hapa hazizihusu.

Kifaa muhimu zaidi cha mtunzaji ni daftari. Betri haifi ghafla. Hupungua nguvu kwa miezi, na taa huendelea kuwaka karibu mpaka mwisho. Tarakimu zinazoandikwa kila asubuhi huonyesha upungufu huo mapema, wakati bado kuna jambo la kufanya.

## Mfumo wa mfano

Ili hesabu zieleweke, makala inatumia mfumo mmoja wa mfano. Shule ina paneli 4 za wati 250 juu ya paa, jumla wati 1,000. Umeme wa paneli hupita katika kidhibiti chaji, ambacho huzuia betri zisijazwe kupita kiasi, kisha huingia katika betri 4 za volti 12 na ampea-saa 200. Betri zimefungwa mbili mbili: kila jozi inatoa volti 24, na jozi mbili zinafanya kazi pamoja. Inveta hubadilisha umeme wa betri kuwa volti 230 kwa ajili ya taa, kompyuta na mashine ya kuchapa mitihani.

Betri zote nne zikijaa zina akiba ya wati-saa 9,600. Matumizi ya usiku ni taa 30 za wati 9 kwa saa 4 za kujisomea, yaani wati-saa 1,080, na taa 4 za ulinzi za wati 10 kwa saa 11, yaani wati-saa 440. Jumla ni 1,520. Ukiongeza kinachopotea katika inveta na waya, betri hutoa kama wati-saa 1,750 kwa usiku mmoja, yaani asilimia 18 ya akiba. Betri za aina hii hudumu zaidi zisiposhushwa chini ya nusu. Kwa hiyo mfumo huu unaweza kuvumilia siku mbili za mawingu mazito bila kuumia.

## Mambo yanayoharibu mfumo Mafia

Kwanza ni chumvi. Mafia iko katika Bahari ya Hindi mbele ya delta ya mto Rufiji, na upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba chembe za maji ya bahari hadi juu ya paa. Chumvi ikikauka juu ya kioo huzuia mwanga, na ikilowa umande hula chuma. Sehemu inayoliwa mapema ni pale fremu ya alumini inapokutana na bolti ya chuma cha kawaida, kwa sababu metali mbili tofauti zikiwa na maji ya chumvi kati yake hufanya kazi kama betri ndogo, na moja huoza. Bolti za chuma kisichoshika kutu huchelewesha uharibifu huo. Ndani ya nyumba, chumvi na mvuke wa tindikali hufanya unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Unga huo huzuia umeme kupita vizuri, na kiungo hupata moto.

Pili ni joto. Muda wa kuishi wa betri ya risasi hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za selsiasi zinazozidi 25. Chumba cha betri chenye bati bila dari, kilichofungwa madirisha, kinaweza kuondoa miaka kadhaa katika maisha ya betri. Kinachotakiwa ni chumba chenye kivuli, chenye matundu chini na juu ili hewa ipite. Matundu hayo yana kazi nyingine pia: betri inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche.

Tatu ni kivuli. Mafia ina minazi mingi, na kivuli cha kuti moja juu ya paneli moja hushusha umeme wa paneli zote zilizofungwa nayo katika mstari mmoja. Kwa kuwa kisiwa kiko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini, na jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwezi Juni lakini upande wa kusini mwezi Desemba. Mnazi ulio kusini mwa jengo unaweza kukaa mwaka mzima bila madhara, kisha ukatia kivuli mwezi Desemba tu. Ndiyo maana kivuli hukaguliwa mara mbili kwa mwaka.

## Ratiba

Kila siku
* Saa 12 asubuhi, kabla jua halijapiga paneli: soma volti za betri na uandike.
* Mchana: angalia kidhibiti chaji na uandike saa ambayo betri zimejaa. Zisipojaa, andika "hazikujaa".
* Jioni: hakikisha taa za madarasa yasiyotumika zimezimwa. Andika hali ya hewa kwa neno moja: jua, mawingu au mvua.

Kila wiki
* Fungua vifuniko vya betri, tazama kimo cha maji katika kila seli na uongeze panapohitajika.
* Pangusa juu ya betri kwa kitambaa chenye unyevu, vifuniko vikiwa vimefungwa.
* Kagua chumba: matundu ya hewa yasizibwe, na madaftari, mafuta ya taa au vifaa vya bustani visihifadhiwe humo.

Kila mwezi
* Osha paneli asubuhi na mapema kwa maji baridi na kitambaa laini. Wakati wa mvua za masika mvua yenyewe husaidia. Wakati wa kiangazi chenye upepo, osha mara mbili.
* Pima tindikali ya kila seli kwa haidromita, seli 24 zote, na uandike.
* Kagua vichwa vya betri. Penye unga, safisha na upake mafuta ya mgando.

Kila muhula
* Kagua bolti za fremu, waya za paani na viota vya nyigu au panya.
* Tazama kivuli saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, mwezi Juni na mwezi Desemba.
* Kagua waya wa kutia umeme ardhini kabla ya masika, kwa sababu ya radi.
* Hesabu akiba ya maji ya betri na fyuzi.

Kila mwaka
* Fundi wa umeme akague mfumo wote akiwa na daftari mkononi.

## Kusoma volti za asubuhi

Volti za betri hupanda zinapochajiwa na hushuka zinapotumika, kwa hiyo kipimo cha saa 7 mchana au cha saa 2 usiku hakielezi kiasi cha akiba. Kipimo cha kuaminika ni cha alfajiri: paneli bado hazijaanza kutoa umeme, na taa zimezimwa kwa angalau nusu saa ili betri zitulie. Mtunzaji huzima taa za ulinzi saa 11 na nusu kunapopambazuka, kisha hupima saa 12 kamili.

Katika mfumo wa volti 24, tarakimu husomwa hivi:

| Volti za asubuhi | Akiba iliyobaki |
|---|---|
| 25.4 | imejaa |
| 24.8 | kama robo tatu |
| 24.4 | kama nusu |
| 24.0 | kama robo |

Shule ya mfano, ikiwa imetumia asilimia 18 usiku, inapaswa kuamka na volti karibu 25.0. Tarakimu moja iliyoshuka si jambo la kutisha. Huenda jana kulikuwa na mawingu. Kinachotazamwa ni mwelekeo wa wiki kadhaa, na daima husomwa pamoja na saa ya kujaa. Vipimo hivi viwili vikisomwa pamoja hutenganisha kasoro za aina mbili:

* Volti za asubuhi zinashuka na betri hazijai mchana: umeme unaoingia hautoshi. Sababu iko paani au katika waya, yaani uchafu, kivuli, kiungo kilicholegea au mawingu. Au matumizi yameongezeka.
* Volti za asubuhi zinashuka lakini betri zinajaa mapema kuliko zamani: umeme unaingia vizuri, ila chombo cha kuuhifadhi kimekuwa kidogo. Kasoro iko katika betri zenyewe. Ni kama mtungi uliojaa mawe: hujaa upesi na huisha upesi.

## Maji ya betri

Ndani ya kila betri ya volti 12 kuna seli 6, na katika kila seli kuna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali. Wakati wa kuchaji, sehemu ya maji hugawanyika kuwa gesi na kutoka nje. Tindikali yenyewe hubaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matupu yaliyosafishwa, wala si tindikali. Kosa hutokea kwa urahisi, kwa sababu madukani vyote viwili huuzwa katika chupa za plastiki zinazofanana. Mtunzaji asome lebo kila mara, na chupa za tindikali zisiwekwe kabisa katika stoo ya shule.

Maji ya kisima hayafai. Visima vingi vya pwani na visiwani huchimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake huwa na chokaa na chumvi. Madini hayo hubaki ndani ya seli daima, kwa kuwa maji tu ndiyo yanayotoka, na huharibu mabamba. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati hubeba chumvi ya bahari, vumbi na chembe za metali, nayo hayafai. Kuyachemsha hakuondoi madini. Maji ya betri hununuliwa, na kama hayapatikani Kilindoni huagizwa kutoka bara. Kwa kuwa safari za majini kati ya Nyamisati na Kilindoni huwa ngumu zaidi kusi inapovuma kwa nguvu, akiba ya miezi mitatu inunuliwe kabla ya Juni.

Maji huongezwa betri zikiwa zimejaa chaji, hadi alama ya juu iliyo ndani ya seli, au kama sentimita moja juu ya mabamba pasipo na alama. Betri iliyopungua chaji ikijazwa hadi juu, maji hupanda wakati wa kuchaji na tindikali humwagika. Kuna hali moja tu ya kuongeza kabla ya kuchaji: pale mabamba yanapoonekana yakiwa wazi. Hapo huwekwa maji kidogo, ya kufunika mabamba tu, kisha betri huchajiwa ndipo zijazwe. Sehemu ya bamba iliyokaa hewani hukauka na kupoteza uwezo wake, na hairudi tena.

Kiasi cha maji kilichoongezwa huandikwa kwa kila seli. Seli zote zikinywa sana, betri zinachajiwa kupita kiasi au chumba ni cha moto. Seli moja ikinywa kuliko wenzake, seli hiyo inaumwa.

Wakati wa kazi hii mtunzaji huvaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho, huvua pete na saa, na hatumii kibatari wala kiberiti kumulika, bali tochi. Ndoo ya maji safi huwa karibu. Tindikali ikimrukia mtu, mahali hapo huoshwa kwa maji mengi mara moja, na ikiingia jichoni huoshwa mfululizo kwa angalau dakika 15 kisha mtu hupelekwa hospitali. Tindikali iliyomwagika sakafuni au unga wa kwenye vichwa hutulizwa kwa maji yenye magadi; lakini magadi hayo yasiingie ndani ya seli.

## Mfano wa kutafuta kasoro

Tuseme daftari la shule ya mfano linaonyesha wastani ufuatao wa siku zenye jua:

| Mwezi | Volti za asubuhi | Saa ya kujaa |
|---|---|---|
| Januari | 25.0 | saa 8 mchana |
| Februari | 24.8 | saa 7 mchana |
| Machi | 24.6 | saa 6 mchana |
| Aprili, wiki ya kwanza | 24.4 | saa 5 asubuhi |

Katika ukurasa wa haidromita, safu za Februari na Machi ni tupu: kipimo kilivunjika na hakikununuliwa kingine.

Wanafunzi wa kidato cha nne wanalalamika kwamba taa huzimika kabla ya saa 4 usiku. Dhana ya kwanza ni kwamba masika yameanza na jua limepungua. Daftari linaikataa dhana hiyo. Kama tatizo lingekuwa mawingu au paneli chafu, betri zingechelewa kujaa. Hapa zinajaa saa tatu mapema kuliko Januari. Taa hazijaongezwa. Kasoro iko katika betri.

Betri zinaachwa zijae, kisha inveta na swichi ya paneli huzimwa kwa saa moja ili zitulie. Zikipimwa kwa mita, betri tatu zinasoma volti 12.5 na betri ya tatu inasoma 12.4. Tofauti ni ndogo mno, na mtu anayetegemea mita peke yake angesema zote ni nzima. Haidromita mpya inaeleza zaidi. Kifaa hiki hulinganisha uzito wa tindikali na wa maji: seli iliyojaa husoma karibu 1.250 au kidogo zaidi, kulingana na mtengenezaji. Seli za betri ya tatu zinasoma 1.250, 1.245, 1.250, 1.130, 1.250 na 1.245.

Seli ya nne ndiyo yenye kasoro. Tofauti ya zaidi ya 0.030 kati ya seli za betri moja inatosha kutoa taarifa. Hapa ni 0.120. Volti za betri nzima hazikuonyesha hilo kwa sababu seli tano nzima ziliificha moja mbovu. Ukurasa wa maji unathibitisha: tangu Februari seli hiyo ilikuwa ikiongezwa maji mara mbili ya wenzake.

Fundi anajaribu chaji ya kusawazisha, yaani kupandisha volti za kuchaji kwa saa chache kufuatana na maelekezo ya mtengenezaji. Ikiwa seli imechelewa tu, tindikali yake hupanda na kuzifikia nyingine. Katika mfano huu inafika 1.140 tu, seli imekufa. Kuongeza tindikali ili haidromita isome vizuri kungeficha kasoro bila kuiponya, na kungeyala mabamba.

Hatua inayofuata ni kuiondoa jozi yote yenye betri hiyo, kwa kuwa betri mbovu hunyonya umeme wa nzima. Shule inabaki na betri mbili zenye wati-saa 4,800. Matumizi ya usiku ya 1,750 sasa ni asilimia 36. Taa mbili za ulinzi zikizimwa, matumizi hushuka hadi karibu 1,500, yaani asilimia 31, na kujisomea usiku kunaendelea kama kawaida. Siku za mawingu mazito, uchapaji wa mitihani husimama, kwa sababu usiku wa pili bila jua ungeshusha betri chini ya nusu.

Ununuzi hufanywa kwa jozi. Betri moja mpya ikifungwa pamoja na ya zamani, ile ya zamani hujaa na kuisha mapema, na mpya hulazimishwa kufuata mwendo wake hadi nayo ichakae. Betri nzima iliyobaki katika jozi iliyoondolewa huhifadhiwa ikiwa imejaa na kuchajiwa kila mwezi. Betri iliyokufa ina risasi na tindikali. Haimwagwi wala kuvunjwa, bali hurudishwa kwa wanunuzi wa betri chakavu.

## Wakati wa likizo

Likizo za Juni na Desemba huua betri nyingi kwa kosa moja: mtu huzima kila kitu, pamoja na swichi ya paneli. Betri iliyoachwa bila chaji kwa wiki kadhaa hupata fuwele ngumu za salfeti juu ya mabamba, na fuwele hizo hazitoki tena kwa chaji ya kawaida. Njia sahihi ni kujaza maji, kuzima inveta, kisha kuacha paneli, kidhibiti chaji na betri vikiwa vimeunganishwa. Mtunzaji hupita mara moja kwa wiki kusoma volti na kutazama maji.

## Mipaka ya kazi ya mtunzaji

Mtunzaji hafungui inveta wala kidhibiti chaji, hata vikiwa vimezimwa, kwa kuwa ndani yake umeme hubaki kwa muda. Hatenganishi viunganishi vya paneli jua likiwaka: paneli mbili zilizofungwa mfululizo zinaweza kutoa zaidi ya volti 70 za mkondo mnyoofu, na cheche ya mkondo huo haizimiki yenyewe kama ya umeme wa kawaida wa nyumbani. Habadilishi fyuzi kwa kubwa zaidi wala kwa kipande cha waya. Fyuzi ikikatika mara ya pili, fundi huitwa.

Vilevile mtunzaji hawezi peke yake kuzuia matumizi kuongezeka. Friji, pasi au birika la umeme katika ofisi ya walimu linaweza kuharibu hesabu yote iliyotajwa juu: birika la wati 1,500 kwa dakika 20 hutumia wati-saa 500, karibu nusu ya taa zote za kujisomea za usiku mmoja. Kwa sababu hiyo orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa husainiwa na mkuu wa shule na kubandikwa karibu na inveta, na daftari huwekwa chini yake. Mtunzaji akihamishwa au akistaafu, daftari hubaki shuleni, na anayepokea kazi huanza kwa kusoma kurasa za miezi 12 iliyopita.